Nzi wa macho hatoki chooni: niliyoongea kwenye mkutano wetu Tongoni

Haya niliyaongea Jumamosi kwenye mkutano wa kitongoji hapa Tongoni, Tanga, pale bandani wanapopokelea samaki. Vijana wawili walirekodi kwenye simu wakaniomba niyaandike ili waliokuwa baharini siku ile nao wayapate. Nimeandika kama nilivyoongea, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Assalam alaykum. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, na nyie vijana mliokaa huko nyuma sogeeni kidogo maana leo sina spika.

Mwenyekiti kaniomba niongee habari ya nzi kwasababu mwezi huu watoto wanaharisha mno, na kuna watoto wengine macho yanatoa matongotongo mpaka asubuhi kope zimegandana mama inabidi azilowanishe na maji ya uvuguvugu ndo zifunguke. Mimi sio daktari, mnanijua, mimi muashi, nimejenga vyoo kuanzia hapa mpaka Pangani na nimezunguka na mabwana afya wengi nikiwa nimewabebea kamba ya kupimia. Kwaiyo nitaongea habari ya nzi kwa upande wa fundi, yaani anapita wapi kuingia, anapita wapi kutoka, na sisi tunamzibia wapi.

Cha kwanza kabisa, sisi tunasema nzi, nzi, basi, kama vile ni mmoja. Sio mmoja. Kuna watatu nataka muwajue leo, na kila mmoja ana mlango wake, ukimchanganya huyu na yule utatumia hela yako kuziba mlango ambao mwenyewe hapiti.

Wa kwanza ni yule wa kijivu anayetua kwenye kikombe cha chai. Huyo anazaliwa kwenye jalala, kwenye mavi ya ng'ombe, kwenye utumbo wa samaki mnaoutupa pale nyuma ya banda, na chooni pia. Wa pili ni yule mnene wa kijani anayeng'aa kama rangi ya gari, ukifungua mlango wa choo asubuhi anakupiga usoni. Huyu ndo wa shimo hasa, funza wake wanaishi kwenye choo cha shimo kwa wingi ajabu. Watafiti waliomfuatilia kule Gambia walimkuta anatoka shimoni anaenda moja kwa moja kwenye samaki na nyama na chakula kilichopikwa, na walipompima walimkuta kabeba vijidudu vya kuhara na vya kuhara damu. Sasa angalieni hapo kulia kwenu, chanja la dagaa lipo wapi na choo cha banda kipo wapi. Ni hatua kama kumi na tano. Mimi nimezihesabu kabla hamjafika.

Wa tatu ndo wa macho. Anafanana sana na yule wa chai, mdogo wa kijivu, ila ukimuua ukamtazama kwa karibu mgongoni ana mistari miwili mipana myeusi, yule wa chai anayo minne myembamba. Huyu anapenda machozi, makamasi, kidonda kibichi, anamng'ang'ania mtoto usoni ukimfukuza anarudi palepale. Na huyu, jamani, nisikilizeni vizuri hapa maana hata mimi nilikaa miaka mingi sikulijua hili, huyu hazaliwi shimoni. Anazaliwa kwenye mavi ya binadamu yaliyoachwa juu ya ardhi. Yale ya mtoto nyuma ya nyumba, yale ya kule kwenye mikoko, yale ya chini ya mnazi. Yakishaingia shimoni yeye hana kazi nayo tena.

Kwaiyo mtu akiniambia fundi njoo unijengee mfuniko wa choo maana wanangu wanaumwa macho, namwambia mfuniko nitakujengea na utakusaidia kwenye tumbo, lakini macho tuyafuate kwenye kile anachokiacha mtoto uani.

Hii haijatoka kichwani kwangu. Hukohuko Gambia walifanya majaribio yaliyotangazwa mwaka 2004, vijiji vingine wakavipulizia dawa ya nzi, vingine wakavijengea vyoo tu bila dawa, vingine wakaviacha kwanza kama vilivyo ili walinganishe. Kwenye vijiji vya dawa, nzi wanaotua machoni mwa watoto walipungua asilimia 88. Kwenye vijiji vya vyoo peke yake walipungua asilimia 30. Sasa mtu atasema mbona 30 ni ndogo. Ni ndogo ndio, lakini dawa unapuliza leo na baada ya muda unapuliza tena na unanunua tena, choo kinakaa. Na nzi walipungua kwasababu kinyesi kiliondoka juu ya ardhi kikaenda shimoni.

Ugonjwa wa macho unaoogopwa zaidi hapo ni trakoma, wengine wanauita vikope. Bahati yetu sisi wa pwani sio tatizo kubwa kama kule Kongwa, Dodoma, ambako umefanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Mtoto anaambukizwa mara leo, mara mwakani, mara mwaka wa tatu, kila mara ukope kwa ndani unapata kovu, kovu linavuta, ukubwani kope zinageuka zinaingia ndani zinakwaruza jicho kila anapopepesa mpaka kioo cha jicho kinafanya ukungu. Kule Kongwa walionyesha kuwa kumwosha mtoto uso nako kunasaidia, maana nzi anafuata matongotongo, uso ukiwa msafi hana cha kufuata. Ila tusimsingizie nzi kila kitu. Yale macho mekundu ya mlipuko, yale yanayopita mtaa mzima kwa wiki moja, ni kirusi, na yanahama zaidi kwa mikono na taulo mnazochangia.

Haya, turudi shimoni, maana huko ndo kwenye kazi yangu.

Nzi akishaingia shimoni anataga mayai, mkupuo mmoja unaweza kufika mayai 100 na zaidi, na kwa joto letu hili yanaanguliwa ndani ya siku moja. Wanakuwa funza wale weupe, wanakula siku kama tano, halafu wanatafuta pakavu kwenye kingo za shimo wanajikunja wanakuwa kama punje ya mchele iliyoungua, ile ya kahawia. Ndani ya punje ile kuna nzi anajitengeneza. Siku nne tano tena anatoboa anatoka. Jumla ni kama siku 10 hivi toka yai mpaka nzi anaruka. Shikeni hiyo namba nitaihitaji mbele.

Sasa nzi mpya akitoka kule chini ni giza, na nzi yule ana tabia moja, anaufuata mwanga. Popote penye mwanga ndo njia ya kutokea. Tabia hiyo moja ndo inatupa njia mbili za kumshinda, na mimi shida yangu kubwa na watu wa huku ni kwamba wanachukua nusu ya njia hii na nusu ya ile, wanaishia kuwa na choo kibaya kuliko kile cha zamani kisicho na chochote.

Njia ya kwanza ni kufunga. Tundu lina mfuniko, mfuniko umekaa, wa nje haingii na wa ndani hatoki. Njia ya pili ni bomba la hewa. Huko tundu unaliacha wazi kabisa, ndani ya choo unaweka giza, na bomba linapanda kutoka shimoni mpaka juu ya paa. Upepo ukipita juu ya mdomo wa bomba unavuta hewa kutoka shimoni, hewa mpya inashuka kwenye tundu, kwaiyo harufu inatokea juu sio ndani. Nzi wa nje anafuata harufu anaenda kuhangaika juu ya bomba hawezi kuingia kwasababu kuna wavu. Nzi wa ndani anaona mwanga kwenye bomba, anapanda, anagonga wavu, anashuka, anapanda tena, mwisho anachoka anakufa anadondoka shimoni. Ukiangalia hapo utaona bomba lile lina kazi mbili, ni la harufu na ni mtego.

Aina hii ilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970 kwenye maabara ya Blair, na bwana mmoja anaitwa Peter Morgan, ndomana kule wanaita choo cha Blair. Walichukua vyoo viwili vinavyofanana, kimoja kina bomba kingine hakina, wakaweka mitego juu ya matundu kwa siku 78. Kile kisicho na bomba walitoka nzi 13,953. Kile chenye bomba walitoka 146.

Sasa ngoja niwaambie ya hapahapa kwetu. Kuna bibi yangu mmoja, yupo hapa, kaniruhusu niseme ila jina nisilitaje. Mwaka jana aliniita akaniambia mwanangu hiki choo nilijengewa na bomba nikaambiwa nzi watakwisha, mbona ndo wamezidi, na wajukuu wangu hawaponi tumbo. Nikaenda asubuhi kama saa mbili jua limeshatoka. Sikuingia ndani, nikasimama nje nikaangalia mdomo wa bomba. Nzi wanatoka kule juu kama moshi, wale wa kijani, wanapiga mzunguko mmoja wanashuka kwenye ungo wa dagaa aliouanika pembeni ya jiko.

Nikapanda na ngazi. Aliyejenga alifunga mdomo wa bomba na kipande cha chandarua. Kipande chenyewe kimebaki nyuzi tatu. Jua limekila juu, hewa ya shimoni imekila chini. Bomba bila wavu ni shida maana ule mtego umegeuka kuwa barabara, nzi wote wa shimo zima wanauona ule mwanga wanapanda na hakuna wa kuwazuia. Bora asingewekewa bomba kabisa, angewekewa mfuniko tu.

Nikashuka nikaingia ndani. Ukutani kwa nyuma kuna dirisha kubwa, mwanga unaingia kama sebuleni, kwaiyo nzi aliyeko shimoni ana njia mbili za kuchagua, bomba na tundu. Halafu juu ya tundu kuna mfuniko wa mbao, na bibi anaurudisha kila akitoka maana ni mtu msafi. Lakini mfuniko ule ukishakaa hewa haishuki, na hewa isiposhuka bomba halina cha kuvuta. Pembeni una pengo la kidole, na pengo la kidole kwa nzi ni geti. Kwenye paa la makuti kile kilele kimelipita bomba kwa karibu mita moja, kwaiyo upepo unagonga paa unaruka juu, haupiti kwenye mdomo wa bomba.

Makosa manne kwenye choo kimoja, na kila moja ukilitazama peke yake unaona fundi alikuwa na nia nzuri tu.

Nikamwambia bibi tuchague, ama tung'oe bomba tufunge, ama tuliache bomba tulitengeneze. Yeye akataka bomba kwasababu ya harufu. Haya, nikamfanyia hivi.

Bomba nikaliunga likapita kilele cha makuti. Kwenye bati inatosha bomba lizidi paa kwa sentimita 50, lakini makuti ya msonge lazima lifike usawa wa kilele au lizidi. Lisimame wima, lisiwe na kona hata moja, maana kona inakata upepo na inakata mwanga, na mwanga usipofika chini nzi hajui kama kuna njia. Bomba lake lilikuwa la inchi 4. Linalopendekezwa ni la inchi 6, ila sisi tuna upepo wa bahari mchana kutwa, hilo la 4 nikaliacha.

Wavu. Hapa naomba mama zangu mnisikilize maana ndo mtakaonunua. Msiweke chandarua, msiweke nailoni, na wala msiweke ule wavu wa chuma wa kawaida wa madirishani, kwa chumvi ya hapa na gesi ya shimoni unaliwa na kutu upesi sana. Tafuteni wa stenlesi, ukikosa wa alminiamu. Matundu yake yasizidi milimita moja na nusu, yakizidi hapo nzi mdogo anapenya, na usichukue wenye matundu madogo mno kwa kudhani ndo bora, utaziba hewa. Nilikata kipande cha mraba, nikakifunika mdomo wa bomba kikashuka pembeni kama kofia, nikafunga kwa waya wa shaba mizunguko mitatu. Ukifunga kwa waya wa chuma wavu utabaki mzima na waya utakatika, siku moja upepo unabeba kofia yote.

Dirisha la nyuma nikaliziba kwa mawe na udongo. Nikaacha uwazi juu ya mlango tu, upande mmoja, na mlango wake bahati nzuri unaangalia baharini. Mimi huwa najenga hivo siku zote huku kwetu, maana kaskazi inakuja kutoka kaskazini mashariki na kusi inakuja kutoka kusini mashariki, zote mbili zinatoka upande wa bahari, kwaiyo ukielekeza uwazi baharini mwaka mzima upepo unaingia unasukuma hewa ishuke kwenye tundu. Ukiacha uwazi pande mbili zinazotazamana upepo unaingia huku unatokea kule, tundu halipati kitu.

Na mfuniko nikauondoa. Hapo bibi alinuna. Akaniambia choo bila mfuniko ni uchafu. Nikamwambia bibi niletee chetezo.

Akaleta chetezo chenye kaa la moto, nikatia ubani, nikakishikilia juu ya tundu kama shubiri moja. Moshi ulinyooka kidogo, ukayumba, halafu ukapinda ukashuka kwenye tundu kama mtu anaunywa. Nikamwambia mjukuu toka nje angalia juu. Akapiga kelele, unatoka bombani! Kipimo ni hichohicho na kila mtu anacho ndani kwake, huna ubani tumia kumbi la nazi linalofuka. Moshi ukishuka bomba linavuta. Moshi ukikupanda usoni halivuti, tafuta sababu, na mara nyingi ni buibui, anajenga utando ndani ya bomba. Mwaga ndoo ya maji kutoka juu, angalau mara moja kwa mwaka, utando unaondoka. Kipimo kingine, saa sita mchana funga mlango, chungulia kwenye tundu, lazima uone mwanga unashuka pale bomba linapoingilia shimoni. Huoni, basi na nzi haoni.

Siku ya tatu bibi kanipigia simu. Mwanangu nzi bado wapo, tena humu ndani. Nikamwuliza bibi leo siku ya ngapi. Ya tatu. Nikamwambia zile punje za kahawia zilizopo kwenye kingo zilitagwa kabla sijaja, na toka yai mpaka nzi ni zile siku kama 10, kwaiyo mpaka zimalizike kutoka subiri wiki mbili. Hii ndo inawavunja watu moyo, mtu anatengeneza Jumatatu, Alhamisi anaona nzi, anasema hivi vitu ni uongo, anarudisha mfuniko juu ya tundu la bomba, anaharibu kila kitu. Wengine wanamwaga mafuta taa au oili chafu. Jamani maji yetu ya visima hapa yapo karibu mno, unachomwaga shimoni kinaenda kisimani.

Wiki mbili zilipotimia nilirudi na kipande cha chandarua cheupe, nikakitandika juu ya tundu jioni, nikakandamiza kingo kwa mchanga mbichi. Usiku watu walitumia choo cha jirani. Kesho yake jioni tukaenda kuangalia wote. Kabla sijatengeneza nilifanya hivyohivyo na tulishindwa kuhesabu, walikuwa wameshikana kama zabibu. Safari hii walikuwa tisa.

Sasa sio kila mtu hapa ana hela ya bomba na stenlesi, na mwenye nyumba chini ya miembe mikubwa au katikati ya kuta ndefu hata akiweka upepo haumfikii, namshauri afunge tu. Na kufunga kuzuri ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Kule Msumbiji toka 1979 wanatengeneza kibamba cha zege cha sentimita 60 kwa 60, unakiweka juu ya sakafu yako hiyohiyo ya magogo, huhitaji kubomoa. Simenti ndoo moja, mchanga mbili, kokoto ndogo tatu. Tundu unalipa mteremko, juu pana chini pembamba kidogo. Sasa utamu upo kwenye mfuniko. Hauchongi mbao. Kibamba kikishashika, siku inayofuata unatandika gazeti au plastiki ndani ya tundu lenyewe, unasimamisha mkono wa waya mnene katikati, unamimina zege humohumo. Kesho yake unavuta, unatoka mfuniko uliozaliwa na tundu lile, umekaa kama kizibo, nzi hana pa kupita. Umwagilie maji wiki nzima usipasuke. Na usiazimane mfuniko na jirani, wa kwake haukai kwako. Mkono ufanye mrefu, watu wengi hawafuniki kwasababu wanaona kinyaa kushika chini.

Wengine mmeona yale masinki ya plastiki ya SATO, yenye kibawa chini, ukimwaga maji kidogo kinafunguka kinajifunga chenyewe. Yale mazuri sana kwa mwenye maji, hayamtegemei mtu kukumbuka. Ila nayo ni njia ya kufunga, usije ukayaweka kwenye choo cha bomba ukategemea bomba livute, umeziba pua yake.

Na mbu msinilaumu. Kuna mwenzetu kajengewa bomba akanifuata, fundi mbu hawajaisha. Mbu hafuati mwanga kama nzi, bomba halimkamati vizuri, na mashimo yetu mengi masika yanaingia maji ndo anapozaliana yule wa matende. Pale Makunduchi, Unguja, miaka ya mwishoni mwa 1980 walimwaga chembe nyeupe za plastiki nyepesi juu ya maji ya mashimo, zinaelea zinafunika, mbu anakosa pa kutagia. Hiyo ni kazi nyingine, tuiache siku yake.

Nimalizie na watoto, maana tulianza na macho.

Nilivyomtengenezea bibi giza mle ndani nilifurahi, lakini mjukuu wa miaka mitatu akagoma. Anaogopa. Tundu kubwa, giza, na upepo unamvuta chini matakoni. Na mimi namwelewa. Sasa akawa anaenda nyuma ya banda la kuku, na pale nyuma ndo nikamwona yule nzi wa mistari miwili, ametua kwenye cha asubuhi. Mnaona, nimemziba wa kijani wa tumbo, nimemfungulia mlango wa macho. Choo kizuri kabisa, na mtoto bado ana matongotongo.

Bibi ndo alipata dawa, sio mimi. Alichukua ndoo ndogo ya rangi iliyoisha, akaikata juu, akaizungushia mpira wa baiskeli pembeni isimkate, akatia majivu chini. Mtoto anajisaidia humo barazani akiwa anaongea na bibi yake, bibi anamwaga shimoni palepale, sio jioni, palepale, anaosha ndoo kwa sabuni na ananawa, na maji ya kuoshea nayo shimoni. Na mtoto anaoshwa uso asubuhi na mchana, maji ya kikombe kimoja tu yanatosha. Na kinyesi cha kichanga ni hivyohivyo, kuna watu wanasema cha kichanga hakina madhara wanakirusha na pampasi jalalani. Nzi hajui umri wa mtu.

Kesho saa mbili asubuhi naanza kuzunguka, naanzia kwa mzee mwenye jahazi pale kona halafu nashuka na njia ya msikitini. Sitozi kuangalia. Wenye mabomba nitapanda mwenyewe na ngazi, nyie niandalieni kaa la moto na ubani kidogo.